Mwalimu na Pilau Yake: Menyu Inapoandikwa Badala ya Kupigwa Picha

Kuna mwalimu mstaafu hapa Tanga ambaye kwa miaka mingi hakuagiza mgahawani kitu kingine zaidi ya pilau. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado kazini, na simu yake huitumia kwa masikio: kidole kinapita juu ya kioo, simu inataja kilicho chini ya kidole. Kwa njia hiyo anasoma habari, anatuma pesa, anajibu salamu za wajukuu. Siku moja tumekaa barazani kwake nikamuuliza, Mwalimu, mbona kila siku pilau? Akasema, "Mwanangu, mgahawa gani hauna pilau? Hayo mengine sijui kama yapo. Na sipendi kumsimamisha mhudumu anisomee karatasi nzima huku wengine wanamsubiri."

Kisha akanionyesha. Alifungua ukurasa wa mgahawa mmoja wa Ngamiani ambao sote wawili tunaupenda. Simu ikataja jina la mgahawa. Akatelezesha kidole, simu ikasema, "Picha." Akatelezesha tena, "Picha." Mara ya tatu ikasoma namba ya simu ya mgahawa, na ukurasa ukawa umekwisha.

Menyu ilikuwa pale pale, ndani ya hizo picha mbili. Mimi niliiona: kadi ya pande mbili yenye vyakula na vinywaji 54, kuanzia supu ya asubuhi mpaka juisi ya ukwaju. Mtu ameilaza mezani akaipiga kwa simu, mwanga wa dirisha ukaipiga plastiki na kuzifuta bei za juisi zote. Mimi niliweza kukuza picha na kukisia. Kwa Mwalimu palikuwa hapana kitu.

Kutengeneza tovuti za biashara ndogo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo kesho yake nikaenda kwa mama mwenye mgahawa. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza. Alishangaa kweli. "Lakini menyu si ipo, mwanangu? Nimemlipa mtu akaiweka. Na nyingine ipo, ile ya PDF, wateja wanaipata kwenye kile kibandiko cha mezani." Hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa na menyu, akaomba iwekwe mtandaoni, ikawekwa. Tatizo lilikuwa katika jinsi ilivyowekwa, na hilo haliwezi kuonekana kwa mtu anayeitazama kwa macho mazima, kwenye simu mpya, akiwa ameketi karibu na mnara wenye mtandao mzuri.

Ukiipiga picha kadi ya menyu, simu haihifadhi neno "pilau". Inahifadhi nukta za rangi: hapa nyeupe, hapa kahawia, hapa nyeusi, nukta milioni 12 kwa kamera za kawaida za siku hizi. Jicho la mtu likizitazama hizo nukta kwa pamoja linaona herufi, lakini kwa simu ni rangi tu, haina tofauti kati ya menyu na picha ya ukuta. Menyu ikiandikwa kama maandishi ya ukurasa, neno "pilau" linahifadhiwa kama herufi tano, na kila herufi inachukua baiti moja. Simu inajua kuwa hiyo ni p, ile ni i. Ikijua hivyo inaweza kuitamka, kuikuza, kuitafuta, kuitafsiri, kuivunja ishuke mstari wa chini pale kioo kinapokuwa chembamba.

Faili la PDF liko katikati, na ndiyo maana linawachanganya wengi. PDF moja inaweza kuwa na maandishi halisi ndani yake, na nyingine ikawa ni karatasi iliyopitishwa kwenye skana, yaani picha iliyovikwa kanzu ya PDF. Zote mbili zinafunguka sawasawa na zinaonekana sawasawa. Ile ya mama ilikuwa na maandishi halisi, kwa sababu ilitengenezwa kwenye kompyuta ya steshenari kwa ajili ya kuchapishwa. Hata hivyo ilikuwa na ugonjwa wake mwingine: ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha karatasi.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu nyingi kina upana wa takriban milimita 70. Simu ikitaka kuionyesha karatasi nzima, inailazimisha ijibane mpaka theluthi moja. Maandishi yaliyochapwa kwa ukubwa wa pointi 12, ambao mtu yeyote anausoma bila taabu, yanaonekana kama ya pointi 4. Hayo ni madogo kuliko maandishi ya karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa. Mteja anakuza kwa vidole viwili, anaona jina la chakula, anasukuma kulia kutafuta bei, anapotea safu, anarudi kushoto. Wazee wanaovaa miwani nimewaona wakijaribu mara mbili, kisha wanaiweka simu chini na kumwita mhudumu.

Halafu kuna uzito. Picha mbili za kadi zilikuwa na jumla ya megabaiti 7.7. PDF ilikuwa na megabaiti 11, kwa sababu fundi aliyeitengeneza alitandaza picha kubwa ya biriani nyuma ya maandishi, ikiwa na ukubwa wa kutosha kuchapa bango. Mtandao unaopitisha megabiti moja kwa sekunde, ambao hapa kwetu si mbaya sana saa za jioni watu wengi wanapokuwa hewani, unahitaji sekunde 88 kuileta PDF hiyo. Ni karibu dakika moja na nusu za kutazama kiduara kinachozunguka. Ukurasa wa maandishi tuliokuja kuutengeneza ulikuwa na kilobaiti 8. Kuusafirisha kwenye mtandao huo huo hakufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde; muda mwingi unaoupoteza ni ule wa simu kubisha hodi na kuitikiwa. Ukilipima kwa bando, megabaiti 100 zinafungua PDF ile mara 9, halafu zimekwisha. Kwa ukurasa wa maandishi zinatosha mara 12,500.

Mama aliposikia hilo la bando aliacha mchele. Wateja wake wengi wa mchana ni madereva, wanafunzi wa chuo na watu wa ofisini wanaonunua bando la siku. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kuitazama menyu yake ni gharama.

Tukakubaliana tuiandike upya. Nilitaka njia ya mkato kwanza. Kuna programu zinazosoma maandishi kutoka kwenye picha, nami nikaipitisha picha ya kadi. Ilileta maandishi mengi sahihi, na hapo ndipo palipo na hatari, kwa sababu makosa yake yalijificha katikati ya usahihi. Bamia ilikuja imeandikwa "barnia", maana herufi m ikififia kidogo inafanana na r na n zilizokaribiana. Hilo lilionekana haraka. Lakini bei ya 8,500 ilisomwa 3,500, na hakuna kitu katika namba 3,500 kinachokuambia kwamba si kweli. Mteja angekuja nayo mkononi, na angekuwa na haki.

Nikajaribu PDF. Nikanakili maandishi yote na kuyabandika. Majina ya vyakula yakaja yote kwa pamoja, mlolongo mmoja mrefu, kisha chini yake bei zote 54 zimerundikana bila mwenyewe. Kwenye karatasi majina yalikuwa safu ya kushoto na bei safu ya kulia, na jicho ndilo lililokuwa likiziunganisha. Ndani ya faili zilikuwa visanduku viwili visivyojuana. Hapo nikaelewa jambo jingine: hata mtu anayetumia kisoma skrini akiifungua PDF hiyo atasomewa vyakula vyote kwanza, kisha bei zote, na atalazimika kuhesabu kwa vidole ili ajue ya 17 ni ya nini.

Kwa hiyo tukafanya kazi ya mikono. Mama alisoma, mimi nikaandika. Tulitumia jioni moja. Na kusoma kwa sauti kulifanya kazi ambayo programu isingeifanya. Kila baada ya mistari michache alisita. Bei sita zilikuwa za zamani, za kabla mafuta ya kupikia hayajapanda. Vyakula vinne havipikwi tena tangu mpishi mmoja ahame. Na mahamri, yanayouzwa kila asubuhi mpaka yanakwisha, hayakuwepo kwenye kadi kabisa.

Ukurasa wenyewe ni mwepisi kuliko watu wanavyodhani. Hiki ni kipande cha mwanzo wake:

```html
<!DOCTYPE html>
<html lang="sw">
<head>
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport"
 content="width=device-width, initial-scale=1">
<title>Menyu na bei - Ngamiani, Tanga</title>
</head>
<body>
<h1>Menyu</h1>
<h2>Samaki</h2>
<ul>
<li>Samaki wa kupaka, Sh 12,000.
Wa kuchoma, amepakwa rojo la nazi.</li>
<li>Pweza wa nazi, Sh 10,000.</li>
</ul>
</body>
</html>
```

Mistari miwili mitatu hapo inabeba mzigo mkubwa kuliko mingine. `lang="sw"` inaitangazia simu kwamba lugha ni Kiswahili. Bila hiyo, kisoma skrini kilichopangwa kwa Kiingereza kinaweza kutamka "wali wa nazi" kwa matamshi ambayo hata aliyeupika hatayatambua. Mstari wenye `viewport` unaiambia simu itumie upana wake halisi. Ukiuacha, simu nyingi hujifanya ni kompyuta ya mezani yenye upana wa pikseli 980, kisha zinaupunguza ukurasa uingie kwenye kioo, na tunarudi kwenye maandishi ya siafu. Na `h2` si ya kukoleza wino tu. Inasema hiki ni kichwa cha sehemu. Mwalimu anaweza kuiambia simu iruke kutoka kichwa hadi kichwa, Supu, Wali, Samaki, Vinywaji, asimame anapopataka, kama wewe unavyorusha jicho kwenye kadi.

Anayetumia WordPress hahitaji kuziandika alama hizo. Anachotakiwa ni kuchagua `Heading` kwa vichwa na `List` kwa orodha, badala ya kuandika aya moja na kukoleza baadhi ya maneno. Kwa jicho matokeo yanafanana, ila kwa simu kichwa kilichokolezwa tu ni neno kama maneno mengine. Niseme pia kwamba si kila ukurasa wa maandishi ni mwepesi. Nimekutana na tovuti za mapambo yaliyotengenezwa tayari ambapo menyu ya kilobaiti chache inasindikizwa na megabaiti kadhaa za picha zinazojigeuza zenyewe na aina tano za herufi. Hapo mteja bado anasubiri.

Makosa niliyoyafanya mimi mwenyewe jioni ile yanatosha kuwaonya wengine. La kwanza lilikuwa nukta. Kwenye kadi, jina na bei viliunganishwa na msururu wa nukta, na mkono wangu ukaufuata: "Pilau ya ng'ombe..................6,000". Kwenye kioo chembamba nukta zile zilivunjika, bei ikaangukia mstari wa chini peke yake. Baadhi ya visoma skrini navyo huzitaja nukta, na hakuna anayetaka kusikiliza nukta 18 ili ajue bei ya pilau. Nikajaribu kuzipanga bei kwa kubonyeza nafasi mara nyingi, na kivinjari kikazila zote kikabakisha moja, kwa sababu ndivyo HTML ilivyo: nafasi kumi zikifuatana zinahesabiwa kuwa moja. Suluhisho likawa mkato wa kawaida tu. Jina, mkato, bei. Linasomeka kama sentensi.

La pili ni ile alama ya "/=" ambayo sisi tumezoea kuiweka baada ya bei. Kwenye karatasi ni nzuri, inazuia mtu asiongeze sifuri. Ikisomwa kwa sauti inakuwa namba, mkwaju, sawasawa. Tukaandika "Sh" mbele ya bei zote.

La tatu lilikuwa kuku. Kadi ilikuwa na jedwali dogo: juu imeandikwa robo, nusu, mzima, na chini yake bei tatu. Nilipolihamisha kama lilivyokuwa, kwenye simu ndogo bei ya tatu ilitoka nje ya kioo, na mtu angeweza kudhani kuku mzima hauzwi. Tukaliandika kwa maneno: "Kuku wa kuchoma: robo Sh 5,000, nusu Sh 9,500, mzima Sh 18,000." Ni refu kidogo, lakini kila bei imeshikana na kipimo chake na haiwezi kupotea.

Kulikuwa na jambo moja tena ambalo nusura tulisahau. Kwenye kadi, vyakula vikali viliwekewa kipicha chekundu cha pilipili pembeni. Nilipoandika majina na bei nikadhani nimemaliza, mama akauliza, "Na pilipili je?" Kipicha kile kilikuwa ni habari, hakikuwa pambo. Tukaandika neno "kali" mbele ya vyakula vitano.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nisiiache picha na kuiwekea maelezo yaliyofichwa, yale ambayo kisoma skrini husoma badala ya picha? Kweli njia hiyo ipo, na kwa picha ya sahani ya biriani ndiyo sahihi. Kwa menyu nzima haifai. Maelezo hayo husomwa kwa mkupuo mmoja, hayana vichwa wala orodha, kwa hiyo msikilizaji hawezi kuruka wala kurudi kwa urahisi. Hayamsaidii mzee anayeona kwa shida, kwa kuwa yeye haoni maelezo, anaona picha. Na bei zikibadilika, mwenye mgahawa atabadilisha picha anayoiona na kuyaacha maelezo asiyoyaona. Miongozo ya ufikivu ya W3C, shirika linaloweka kanuni za mtandao duniani, ina kifungu 1.4.5 kinachohusu jambo hili hasa: pale maandishi yanapoweza kufanya kazi, yatumike maandishi yenyewe, isitumike picha ya maandishi.

Kabla ya kuufungulia watu ukurasa, niliupima kwa njia tatu ambazo mwenye mgahawa yeyote anaweza kuzitumia kupima wa kwake. Zamani niliwaambia watu wabonyeze neno kwa muda. Likikubali kushikwa ni maandishi. Kipimo hicho sasa kinadanganya, kwa sababu simu mpya zinaweza kutambua maneno ndani ya picha na kukuachia uyashike. Cha kuaminika zaidi ni kufungua sehemu ya kutafuta ndani ya ukurasa na kuandika jina la chakula ambacho unajua kipo. Mimi niliandika "kisamvu". Kwenye ukurasa wa zamani jibu lilikuwa sifuri. Kwenye mpya likaja moja, na ukurasa ukashuka wenyewe mpaka kilipo. Kisha niliongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya kivinjari mpaka asilimia 200, nikatazama kama lazima nisukume kulia na kushoto. Maandishi mazuri yanakua na kushuka chini, hayatoki nje. Mwisho niliwasha TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android ambacho mara nyingi kimo ndani ya simu tayari, nikafumba macho nikasikiliza kuanzia juu. Ndipo niliposikia zile nukta na ile "/=" niliyoisimulia. Wenye iPhone wanayo VoiceOver.

Kutafuta huko kuna mkono wake mrefu nje ya ukurasa. Mgeni anayetoka Moshi kwa basi anaandika kwenye simu yake "samaki wa kupaka Tanga". Mashine ya kutafuta inategemea hasa maandishi iliyoyasoma kwenye kurasa, na picha inayoitwa `IMG_2041.jpg` haiipi mengi ya kushika. PDF yenye maandishi halisi inaweza kusomwa na kutokea kwenye majibu, nalisema hilo kwa haki. Lakini ya mama ilikuwa karatasi ya kuchapa: anayeangukia juu yake moja kwa moja hapati namba ya simu ya kubonyeza wala ramani, na hajui kama ni ya mwaka huu. Wageni wanaopita kwenda Pangani wana haja nyingine tena. Kivinjari chao kinatafsiri maandishi ya ukurasa kikiombwa, ila tafsiri ya jina tupu haifiki mbali. "Samaki wa kupaka" kwa mashine inaweza kuwa samaki wa kupaka rangi. Ndiyo sababu chini ya majina kama hayo tuliweka maelezo mafupi, wa kuchoma, amepakwa rojo la nazi. Maelezo hayo yanatafsirika.

Picha za vyakula hatukuzitupa. Mtu anakula kwa macho kwanza, na picha ya samaki yule inastahili kuwepo. Tuliweka tatu tu, tukazipunguza mpaka upana wa pikseli 800, kila moja ikawa na kilobaiti 90 hivi, na zote zikakaa chini ya orodha ili maandishi yatangulie kufika. PDF nayo ilibaki, kwa sababu kuna ofisi mbili zinazoagiza chakula cha mkutano na zinapenda kuchapa karatasi. Tuliirekebisha bei, tukaiweka chini kabisa ya ukurasa, kiungo chake kikisema wazi kwamba ni menyu ya kuchapa, PDF, megabaiti 11. Anayeibonyeza anajua anachokipakua.

Kilichobaki kilikuwa vile vibandiko vya mezani. Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, haubebi menyu yoyote ndani yake. Katika matumizi haya unabeba anwani tu. Meza zote 14 za mama zilikuwa na anwani ya PDF ya zamani, na baadhi ya wateja walikuwa wamekwisha kuipakua ikakaa kwenye simu zao na bei za mwaka juzi. Mmoja alishawahi kubishana na mhudumu akiwa na ushahidi mkononi. Nakala zilizo kwenye simu za watu hatuna la kuzifanya, zaidi ya kuandika tarehe juu ya menyu mpya ili mteja alinganishe. Kwa vibandiko, kufuta faili tu kungewaletea wateja ukurasa wa kosa. Kwa hiyo niliweka mstari mmoja kwenye faili la `.htaccess` la seva, unaompeleka kila anayeiulizia PDF ya zamani kwenye ukurasa mpya, na PDF iliyorekebishwa ikapewa jina jingine:

```
Redirect 301 /menyu_final2.pdf /menyu/
```

Vibandiko havikubanduliwa. Vinaendelea kufanya kazi, ila vinafungua mlango mwingine.

Wiki ya pili nilimfundisha binti wa mama kubadilisha ukurasa kwa simu yake. Hakuwahi kugusa tovuti maishani, na hakuhitaji zaidi ya robo saa, kwa sababu anachokibadilisha ni maneno. Kabla ya hapo bei moja ikipanda ilibidi waende steshenari, walipe, wasubiri faili, watafute mtu wa kulipandisha. Kwa hiyo hawakubadilisha. Bandiko la karatasi lilibandikwa juu ya kadi, na mtandaoni bei ya zamani ikaendelea kuahidi. Sasa kuna jambo wanalolifanya ambalo mimi sikulifikiria. Pweza hapa hutafutwa kwenye mwamba wakati maji yanapokupwa sana, siku za bamvua. Zikipita, pweza ni wa bahati. Kadi haiwezi kufuata mwezi. Binti anaandika "Pweza wa nazi, mpaka Jumanne" na mwezi ukipita anaandika "Pweza hakuna kwa sasa", na tarehe juu ya menyu inabadilika pamoja nayo.

Nilipompelekea Mwalimu anwani mpya, hakunipigia siku hiyo. Alipiga siku iliyofuata asubuhi. Alikuwa ameisikiliza yote, kuanzia supu mpaka ukwaju, mara mbili, na alikuwa na swali moja: kisamvu kile kinapikwa kwa nazi au kwa karanga? Karanga zinamdhuru. Nikafungua ukurasa kumjibu, nikakuta tumeandika "Kisamvu na wali, Sh 4,000" na basi. Nilimpigia binti. Kabla ya adhuhuri mstari ulikuwa unasema: kisamvu cha nazi, hakina karanga.